Stoo iliyojaa mkojo wa panya: jinsi ya kuisafisha bila kuugua

Mpwa wangu aliitwa kusafisha stoo ya chini katika nyumba moja kuukuu ya mawe huku Mkomani, Lamu, wakati mvua za masika zilipokuwa zinapungua. Akachukua ufagio wa chelewa, akavua ndara zisilowe, akafagia kama nusu saa. Pembeni mwa chumba palikuwa na kidimbwi, kwani maji ya mvua yalikuwa yamepenya chini ya mlango, na mguuni alikuwa na kidonda cha kukatwa na chaza siku mbili kabla. Siku ya tisa homa ikampanda.

Dukani alipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Alipokuja kupimwa siku ya tatu, malaria hakuna. Mama yake akasema ni ile homa ya viungo, maana kila mtu mzima hapa anaikumbuka chikungunya ya 2004, ilivyopita mlango hadi mlango ikaacha watu wakitembea wameinama. Lakini kijana halalamiki vifundo. Analalamika misuli ya nyuma ya miguu, chini ya goti, hata kuguswa hataki, na macho yake yamekuwa mekundu bila tongo wala usaha. Siku ya tano ya homa macho yale yakageuka manjano na mkojo ukawa rangi ya strungi. Ndipo daktari mmoja alipomuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Wiki mbili hizi umefanya kazi gani, mwanangu?" Akajibu, "Nimefagia stoo ya panya, daktari." Akalazwa, akachomwa sindano za antibiotiki, figo zake zikawa zinaangaliwa kila siku. Alipona, ila ilimchukua wiki kadhaa kurudi kwenye mashua.

Mimi kazi yangu ni kuangalia nyumba za watu walio nje ya kisiwa, na vyumba vya namna hiyo navifungua kila mwaka. Hapa naeleza ninavyovisafisha sasa, nikifuata chumba kile kile cha mpwa wangu, ambacho nilirudi kukimaliza mwenyewe.

Ugonjwa uliomo ndani ya mkojo

Kilichompata kijana ni leptospirosisi. Tanzania huiita homa ya mgunda, jina lililosikika sana 2022 ulipotokea mlipuko mkoani Lindi. Bakteria wake, leptospira, ni mwembamba, amejisokota kama bisibisi, na makao yake ni figo za panya. Panya mwenyewe haugui. Anakula, anazaa, anapanda boriti, na kila anapokojoa anamwaga bakteria, pengine kwa miezi, pengine kwa maisha yake yote. Mbwa, mbuzi, ng'ombe na hata punda wanaweza kuubeba pia, lakini ndani ya chumba kilichofungwa mshukiwa wa kwanza ni panya.

Lililo muhimu kulijua kuhusu bakteria huyu ni kwamba ukavu humuua. Mkojo uliokauka kabisa juu ya mkeka uliopigwa na jua hauna hatari yake. Mkojo mbichi, au ule ulioingia kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi, kwenye tope au kwenye sakafu yenye unyevu na kivuli, unaweza kubaki na bakteria hai kwa wiki kadhaa, na pakiwa pazuri kwake hata kwa miezi. Haingii kwenye ngozi nzima iliyo kavu. Huingia kwenye mchubuko, kwenye ngozi iliyolainika kwa kukaa majini, na kwenye utando laini wa macho, pua na kinywa. Kwa hivyo kidimbwi, mguu mtupu na kidonda cha chaza vilimtosha mpwa wangu.

Kuna magonjwa mengine, nayo yana tabia tofauti. Virusi vya hanta huingia kwa pumzi, mtu anapotimua vumbi lenye mkojo, mate na kinyesi kilichokauka. Vimetajwa sana tangu 2025, alipofariki mke wa mwigizaji Gene Hackman huko Marekani, na vifo vingi vya virusi hivi hutokea Amerika na Asia. Huku kwetu sikuweki hanta mbele ya leptospirosisi, lakini vumbi la panya si la kuvutwa na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Salmonela hupita kwenye chakula kilichotembelewa na panya na huleta tumbo la kuhara na homa. Viroboto wa panya hubeba homa ya taifasi ya panya, na katika baadhi ya sehemu za bara hubeba tauni. Kuumwa na panya nako kuna homa yake, basi jeraha la meno ya panya huoshwa kwa sabuni na maji mengi na kuonyeshwa hospitali siku hiyo hiyo.

Magonjwa haya yanakudai mambo mawili yanayoonekana kugongana. Lile la vumbi linataka usifagie pakavu. Lile la mkojo mbichi linataka usikanyage wala kushika palipolowa. Njia inayotosheleza yote mawili ni moja: palowe, lakini palowe kwa dawa, dawa ipewe muda, na mwili wako usiguse kitu mpaka muda huo upite. Maji matupu hayafai kutangulia, kwa sababu hayaui chochote na hueneza mkojo wa jana usiku mpaka mahali ulipokuwa haujafika.

Kabla ya ndoo: je, panya bado wamo?

Kosa la pili la chumba kile, baada ya ufagio, lilikuwa kusafisha panya wakiwa bado wanaishi humo. Ukisafisha leo na wao wakarudi usiku, kesho una mkojo mbichi juu ya sakafu yenye unyevu, yaani hali mbaya kuliko uliyoikuta.

Nikasimama mlangoni na tochi, sikuingia. Kinyesi cha panya wetu wa darini, yule mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili, kina urefu wa kama sentimita moja na kidogo na ncha zake zimechongoka. Kikiwa kibichi huwa cheusi na chenye kung'aa. Kilichozeeka hufifia na kuwa kijivu. Stoo ile ilikuwa na vya aina zote mbili. Juu ya boriti palikuwa na mistari myeusi ya mafuta, ndiyo njia yao ya kila usiku wanapojisugua manyoya. Ukiwa na kile kitochi cha kukagulia noti bandia, kama wanacho maduka ya Empesa, mulika gizani: mkojo uliokauka hung'aa weupe wa samawati. Usikiamini peke yake, maana sabuni ya unga nayo hung'aa vivyo hivyo.

Nikaziba kwanza matundu. Panya mkubwa hupita kwenye tundu linaloingia kidole gumba, na panya mdogo hupita kwenye tundu la kidole kidogo au hata dogo zaidi. Tundu la kwanza lilikuwa pale boriti inapoingia ukutani, la pili chini ya mlango, la tatu kwenye mfereji wa maji machafu. Nikajaza pamba ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, nikapiga lipu ya chokaa juu yake. Kwenye mfereji nikaweka waya wa chuma wenye matundu madogo. Vitambaa na mbao laini ni kujisumbua, hutafunwa usiku mmoja.

Kisha mitego ya kubana, minne, ikipangwa kandokando ya ukuta na upande wa chambo ukielekea ukutani, kwa sababu panya hutembea akiwa amegusa ukuta. Chambo changu ni kipande cha papa mkavu kilichofungwa kwa uzi ili kisichopolewe. Sumu siipendi ndani ya nyumba ya mawe: panya hula, hupanda juu ya boriti, hufia huko, nawe unakaa na uvundo wiki mbili bila kujua umetoka pembe gani. Paka wa Lamu nao wana sifa zao, watalii huja kuwapiga picha, lakini sijamwona hata mmoja akimfuata panya kwenye boriti.

Usiku wa kwanza nilipata watatu, wa tatu mmoja, kisha hakuna. Nikangoja mpaka zikapita siku saba bila mtego kufyatuka. Hizo siku saba ndizo zinazokupa haki ya kuanza kusafisha. Pia huwapa nafasi viroboto waliobaki bila mwenyeji kujitokeza. Ukiona viroboto miguuni unapofungua mlango, toka, pigisha dawa ya wadudu, ungoje tena.

Panya aliyenaswa hashikwi kwa mkono mtupu. Mmwagie dawa ya klorini pamoja na mtego, ngoja dakika tano, umtie kwenye mfuko wa plastiki, na huo ndani ya mwingine, ufunge. Asipokwenda jaani, azikwe futi mbili au tatu chini, mbali na kisima. Kisiwani mchanga huchuja haraka, na kisima cha jirani kinaweza kuwa hatua ishirini tu kutoka ulipochimba.

Dawa na kipimo chake

Dawa ninayotumia ni jiki ya kawaida ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato. Unachokitaka mwishoni ni maji yenye nusu asilimia ya klorini. Watu wengi husoma mtandaoni "sehemu moja kwa tisa" na kuifuata kibubusa. Kipimo hicho ni cha jiki yenye asilimia 5. Chupa nyingi za hapa Kenya zimeandikwa asilimia 3.5, na ukiichanganya kwa tisa unapata dawa hafifu. Hesabu ni nyepesi: chukua asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, igawe kwa 0.5, kisha toa moja. Jibu ndilo sehemu za maji kwa sehemu moja ya jiki. Kwa 3.5 unapata 6. Kwa 5 unapata 9.

Stoo yetu ilikuwa na upana usiofika mita tatu, kama vyumba vingi vya zamani ambavyo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti, na urefu wa kama mita sita. Nilitumia mikupuo mitatu, kila mmoja lita moja ya jiki kwa lita sita za maji. Usichanganye yote asubuhi. Klorini hufifia ikiwa imekwisha kuchanganywa, hasa kwenye joto na jua, basi changanya kiasi cha saa hiyo na kilichobaki jioni kimwage. Chupa iliyokaa dirishani mwaka mzima nayo imepoteza nguvu; ukiifungua na harufu ni ndogo, nunua nyingine.

Kuna mambo mawili huharibu kazi hapa. La kwanza ni uchafu wenyewe: tope, pumba na kinyesi hula klorini kabla haijafika kwa bakteria. Ndiyo maana utaona nimepiga dawa mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya kuokota na ya pili kwa ajili ya kuua. La pili ni mvuke. Jiki haichanganywi kamwe na dawa ya choo yenye asidi, siki wala amonia, kwa sababu hutoa gesi ya kuchoma mapafu. Na mkojo mwingi uliokusanyika kwa miezi una amonia yake. Macho yakianza kuwasha au kikohozi kikakushika, usivumilie, toka nje mara moja. Asidi pia hula lipu ya chokaa, kwa hiyo katika nyumba ya zamani haina kazi hata peke yake.

Siku ya kazi

Nilifungua mlango asubuhi, nikaondoka. Mwongozo wa kawaida ni nusu saa ya kupitisha hewa, na kwa chumba chenye madirisha mawili yanayokabiliana inatosha. Vyumba vya ndani vya nyumba zetu havina dirisha. Vina mlango mmoja unaofungukia uani. Kwa chumba cha namna hiyo nangoja saa mbili, na milango ya vyumba jirani naifunga. Feni usiielekeze ndani, itapeperusha vumbi nyumba nzima. Watoto na mama mjamzito hawakai karibu siku hiyo. Leptospirosisi inaweza kuharibu mimba.

Nilivaa gambuti, suruali ndefu ikiwa juu ya gambuti ili maji yasitiririkie ndani, glavu za mpira za jikoni zinazopita kifundo cha mkono, miwani ya fundi na barakoa ya N95. Leso usoni au barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. N95 nayo haifungi vizuri juu ya ndevu. Mwenye ndevu nyingi ama anyoe ama ampe kazi mwenzake. Mchubuko wowote mikononi niliufunika kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya glavu. Mwenye kidonda kibichi mguuni asiingie siku hiyo, hata akiwa na gambuti.

Nikaanzia mlangoni kwenda ndani, ili nisikanyage nisipopapiga dawa. Sikutumia pampu ya kunyunyizia kwa nguvu, kwa sababu inarusha matone na vumbi usoni. Nilichukua kopo la maziwa, nikalitoboa matundu madogo chini, nikawa nalijaza na kulipitisha taratibu kama mtu anayemwagilia miche. Sakafu, kinyesi, viota vya nyuzi za magunia, kile kidimbwi cha pembeni, vyote vikalowa kabisa. Kisha nikatoka nje dakika kumi. Wengi husema tano. Sakafu yetu ni ya chokaa iliyochimbika, na dawa huchelewa kushuka kwenye mashimo.

Niliporudi, nikaokota. Kinyesi na viota nilivikusanya kwa matambara na magazeti ya zamani nikivisukuma kwenye sepetu ya plastiki, bila ufagio. Kilichookotwa kikaingia mfuko wa kwanza, nikafunga, nikautia mfuko wa pili. Kidimbwi nilikifyonza kwa gunia kuukuu, nikalitupa pamoja. Ufagio wa chelewa wa mpwa wangu ulikuwa bado umeegemea ukuta, nao nikautia mfukoni.

Hapo ndipo mkupuo wa pili wa dawa. Sasa sakafu iko wazi, klorini haina pumba za kula, na inakutana na chokaa yenyewe. Nikaimwaga, nikasubiri dakika kumi tena, nikapiga deki kwa tambara la mti mrefu. Mkupuo wa tatu nilitumia kwa kitambaa: kuta hadi usawa wa kifua, mlango, kitasa, na juu ya boriti zile nilizozifikia kwa ngazi. Boriti na milango ya kuchonga haimwagiwi. Inafutwa, kisha baada ya dakika kumi inafutwa tena kwa maji safi, maana klorini ikikaa hupausha mbao na kuozesha misumari.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilinichukua muda mrefu kuliko sakafu. Panya hupenda kukaa mle kwa sababu ni juu na hapaguswi, na nakshi zake zina pembe mia. Usimwage dawa kwenye nakshi za lipu, utazilowesha mpaka zibanduke. Nilichovya kitambaa, nikakikamua, nikafuta kidaka kimoja kimoja, na kwenye mikunjo nikatumia mswaki wa zamani uliochovywa dawa, nikisugua polepole usinirukie.

Vitu vilivyokuwamo

Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye simu, anaulizia kimoja kimoja. Godoro la sufi? "Limelowa mkojo, mama, halisafishiki." Akanyamaza, kisha akasema, "Ni la arusi yangu, mwanangu." Lilikwenda. Sufi na sponji hunyonya mpaka kati, dawa haifiki, na ndani hakukauki upesi. Makatoni yalikwenda pia. Gunia la mchele lilikuwa limetobolewa upande mmoja tu, na jirani akashauri tuchambue. Hapana, panya hukojoa anapokula, na mchele hauonyeshi. Wala kuku hawapewi.

Vilivyobaki vilikuwa vyepesi. Mikeka niliipangusa kwa dawa, nikaianika darini jua la saa nne hadi la alasiri. Nguo na mapazia yalifuliwa kwa maji ya moto na sabuni, yakaanikwa juani. Vyombo vya kaure vililala kwenye dawa dakika kumi, vikasuuzwa. Makopo ya chakula yalifutwa kabla ya kufunguliwa. Panya aliyepita juu ya kopo la soda amekuachia kitu pale pale mdomo wako utakapofika. Vitabu na karatasi havilowi dawa. Hivyo nilivifuta jalada kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa dawa, nikavifungua wazi mahali pakavu penye jua kwa saa kadhaa.

Birika ya kuhifadhia maji chooni ndiyo niliyokaribia kuisahau. Ilikuwa na maji ya mwezi mzima, haina kifuniko, na panya walikuwa wakipita ukingoni. Kwa maji kama hayo mtu hutawadha: husukutua, hupandisha puani, huosha uso, yaani huipelekea leptospira milango yake mitatu kwa mkono wake mwenyewe. Niliimwaga yote, nikaisugua kwa dawa ile ile ya nusu asilimia, nikangoja dakika kumi, nikaisuuza mara tatu na kuiwekea ubao wa kufunika. Jabia au tangi la maji ya kunywa likiingiwa na panya, hufanyiwa hivyo hivyo, na mpaka hapo maji ya kunywa yachemshwe.

Kuvua

Watu hufanya kazi vizuri saa tatu, kisha hujipaka kila kitu wakati wa kuvua. Kabla ya kuvua glavu, nilizitumbukiza mikono yote miwili kwenye ndoo ya dawa, nikazisugua kama naosha mikono, nikasuuza. Gambuti nazo nikazimwagia. Kisha glavu zikavuliwa kwa kugeuzwa ndani nje, nikaosha mikono kwa sabuni, ndipo nikagusa miwani, na barakoa ikawa ya mwisho, kwa kushika mikanda yake. Nguo zikaenda moja kwa moja kwenye maji ya moto, nami nikaoga.

Chumba kiliachwa wazi mpaka kikauke kabisa. Hapa Lamu msimu wa mvua hilo huchukua siku mbili au tatu, na hakuna dawa inayochukua nafasi ya ukavu. Mvujo wa chini ya mlango niliuzuia kwa kizingiti cha saruji. Usiku wa nne nikanyunyiza unga mwembamba kandokando ya ukuta na chini ya boriti; asubuhi haukuwa na nyayo. Nikarudia baada ya wiki. Ungekuwa na nyayo, ningerudi kwenye mitego na matundu, si kwenye jiki.

Siku thelathini baadaye

Nyuma ya mlango niliandika kwa chaki tarehe ya siku ile. Leptospirosisi huanza siku yoyote kati ya ya pili na ya thelathini, mara nyingi kati ya tano na kumi na nne, na mtu huwa amekwisha sahau stoo. Homa ya ghafla, kichwa, misuli ya miguu inayouma kuguswa na macho mekundu yasiyotoa tongo katika muda huo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Wakati mwingine homa hushuka siku chache, mtu anadhani amepona, kisha inarudi na manjano. Macho kuwa manjano, mkojo kupungua au kuwa mweusi, damu kwenye makohozi au pumzi kubana ni dharura, hata kama ni usiku na boti ni ya kutafutwa.

Kipimo cha malaria kifanywe kwanza, kwa sababu malaria ipo na inaua. Kikitoka safi usirudi nyumbani na panadoli. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziache, zinazidisha mzigo wa figo. Antibiotiki hufanya kazi vyema zikianza mapema. Kwa mgonjwa asiyezidiwa mara nyingi ni doksisaiklini ya wiki moja, kwa aliyezidiwa ni sindano za penisilini au seftriaksoni, na uamuzi ni wa daktari, hasa kwa mtoto au mjamzito. Hangoji majibu ya maabara, ambayo mara nyingi huchukua siku. Anachohitaji kutoka kwako ni sentensi moja, useme kabla hajauliza: "Tarehe fulani nilisafisha chumba chenye mkojo wa panya, palikuwa na maji."

Mpwa wangu ameinakili sentensi hiyo kwenye simu yake, na tarehe ya stoo ile bado ipo nyuma ya mlango, kwa chaki.